Msaada: meli imefika Dar, wakala wa usafirishaji hatoi BL wala pakingi listi

Mkoboaji_Ubaruku
Wakuu, shikamooni. Nimeagiza mashine ya kukoboa mpunga na vipuri vyake kutoka Guangzhou, mzigo unakuja Mbarali. Umechanganywa na wa watu wengine kwenye kontena moja. Meli imeshashusha Dar siku ya nne leo. Wakala wangu wa forodha anataka BL, yaani hati ya meli ya kupokelea mzigo, na pakingi listi ndipo aanze tamko TRA. Wakala wa usafirishaji kila nikipiga ananijibu "hati zinakuja". Nilicho nacho ni ankara na picha ya BL iliyoandikwa DRAFT. Nimbane vipi?

Mama_Mwanjelwa
Pole sana. Tunduma siku hizi foleni ni ndefu, mwambie dereva asiache hati kwenye gari.

Mkoboaji_Ubaruku
Dada, mzigo haupiti Tunduma. Umeshukia bandari ya Dar.

Kijana_wa_Soweto
Hapo hakuna ujanja, lazima BL halisi zije kwa kurieri kutoka China, zote tatu. Bila karatasi mkononi huchukui kitu. Pakingi listi itengeneze mwenyewe kutoka kwenye ankara, ni jedwali tu.

Kliaringi_Uyole
Kijana, karatasi halisi ni njia moja tu. Mtumaji akizirudisha kwa kampuni ya meli kule kule China, ofisi ya huko inatuma ruhusa Dar na mzigo unatoka kwa nakala yenye muhuri wa SURRENDERED. Ndiyo teleksi rilizi. Kwa hiyo asikae kusubiri kurieri kabla hajajua ni njia ipi imetumika.

Mkoboaji, kwa kuwa mzigo umechanganywa, BL ziko mbili. Masta ni ya kampuni ya meli na inabeba kontena zima. Hausi anaitoa wakala wako wa usafirishaji kwa ajili ya mzigo wako peke yake. Chukua namba iliyo kwenye hiyo picha, iingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Ikitokea, ni masta. Isipotokea, huenda ni hausi, na hapo kampuni ya meli haitakusikiliza, maana kwao mwenye kontena ni wakala aliyelichanganya.

Acha kuuliza "hati zangu ziko wapi?", swali hilo linajibika kwa "zinakuja". Andika kwa baruapepe, umnakili wakala wako wa forodha: namba ya masta na ya kontena ni zipi? Teleksi rilizi imefanyika tarehe gani, na kama bado, nani anadai nini? Ofisi gani Dar inafungua kontena na kutoa DO yangu, yaani ruhusa ya kuchukua mzigo? Na je, hausi yangu imeshaingizwa kwenye manifesti? Kama haimo, tamko lako halina pa kushikia hata ukiwa na karatasi zote.

La pili ndilo lenye jibu mara nyingi. Teleksi hukwama kwa sababu kuna mtu hajalipwa: muuzaji anakudai salio, au wakala wako anadaiwa nauli na kampuni ya meli. Kama salio lako umemaliza, mtumie muuzaji risiti ya benki leo hii, naye ambane wakala kutoka upande wa kule.

Mkoboaji_Ubaruku
Ndaga fijo. Na pakingi listi?

Kliaringi_Uyole
Hiyo usimdai wakala, mdai muuzaji. Yeye ndiye aliyefunga masanduku. Na usiitunge mwenyewe. Ankara inahesabu bidhaa, BL inahesabu vifurushi. BL yako inasema vifurushi vingapi?

Mkoboaji_Ubaruku
26, kilo 3,180. Ankara ina vitu 27.

Kliaringi_Uyole
Basi tatizo ndilo hilo. Inawezekana mota imefungwa sanduku moja na mashine. Ukiandika 27 kwa kufuata ankara, wakati wa ukaguzi zitaonekana 26 na utaulizwa kimoja kiko wapi. Muuzaji aandike sanduku kwa sanduku: namba iliyochorwa juu yake, kilichomo, uzito pamoja na sanduku na bila sanduku, vipimo. Jumla ifike 26 na 3,180. Kisha asaini na kugonga muhuri.

Kijana_wa_Soweto
Hapo kwenye hesabu nimekuelewa. Stoo je, nani analipa siku hizi zote?

Kliaringi_Uyole
Inategemea mkataba wake na wakala, sijauona. Atunze kila baruapepe yenye tarehe, ndiyo ushahidi wa nani kachelewesha. Na asisahau kwamba sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa siku 21 tangu kuanza kushusha. Zikipita bila tamko, mzigo unaweza kuhamishiwa ghala la forodha.

Mkoboaji_Ubaruku
Nimeingiza namba, tovuti haioni kitu. Nimemwandikia maswali manne. Amejibu moja tu: kontena lina namba hii na liko bandari kavu. La teleksi kalikwepa.

Kliaringi_Uyole
Kulikwepa huko ni jibu. Peleka namba ya kontena kwa kampuni ya meli kupitia wakala wako wa forodha, waulize kama limeshatolewa DO. Kama bado, nauli ya kontena zima ndiyo pa kuanza kuulizia, na wenzako mliochanganywa nao wamekwama pamoja nawe. Watafuteni, mwende ofisini kwake mkiwa wengi.