Lala, jahazi, lala (kikundi cha familia, Tanga)

Zuhura: Asalaam aleikum. Salimu, ile katuni yako ya jahazi nilimwekea Nuru jana usiku. Alikuwa ameshalegea begani kwangu, ghafla akaruka akaketi kitako. Kalala saa tano!

Bibi Mwantumu: Waaleikum salaam. Mpunguzieni chai jioni. Baba yake alikuwa hivyo hivyo.

Zuhura: Chai hakunywa, Bibi.

Mjomba Athumani: Ni rangi hizo. Mwanga wa simu unamtoa mtoto usingizi. Salimu aweke rangi za jioni tu, atalala.

Salimu: Rangi zina sehemu yake Mjomba, lakini zilikuwa zilezile tangu mwanzo na mtoto alilegea. Dada, aliruka wapi hasa?

Zuhura: Pale kunguru anapotua mlingotini.

Salimu: Basi kosa ni langu. Kila picha kabla yake inakaa sekunde 8 hadi 10, halafu kunguru anaingia kwa nusu sekunde, tena analia kwa sauti inayompita msimulizi. Mtoto ameshazoea mwendo wa taratibu, kile kishindo lazima kimgutushe. Nimembadilisha: sasa picha inafunguka kunguru yuko palepale mlingotini, amejikunyata, anafumba macho tu.

Zuhura: Na kwa kasa ukasema "Pumzika, kasa". Nuru alikuwa ameshafungua mdomo aseme "Lala, kasa, lala". Akaniangalia usoni.

Salimu: Nilihofia marudio yatachosha. Yatawachosha wakubwa, yeye anayangojea. Narudisha maneno yaleyale kwa jahazi, kasa, mnazi na kunguru. Kitakachobadilika ni sauti: kila mara inashuka kidogo, na kimya kinachofuata kinarefuka.

Mjomba Athumani: Huku kwangu mjukuu alilala vizuri, video nyingine ikajianzisha yenyewe, ngoma juu. Akaamka analia.

Salimu: Hiyo uizime kwenye mipangilio ya programu unayotazamia video, Mjomba, mimi siwezi kuizuia kutoka huku. Kwangu nimeongeza dakika nzima ya mwisho: anga linatoka zambarau hadi buluu nzito, taa ya jahazi inafifia, yanabaki mawimbi. Majina yetu nimeyahamishia mwanzoni, maana maandishi meupe pale mwisho yalikuwa yanaangaza chumba.

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, Nuru ana miaka miwili na nusu, sawa. Ila mdogo wake wa mwaka mmoja asiwekewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa umri huo, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Mimi hata huyo mkubwa ningemwekea mchana, si kitandani.

Zuhura: Shangazi, mchana hana habari nayo.

Salimu: Jaribu hivi: akishaijua hadithi, laza simu kifudifudi, asikie sauti tu.

Shangazi Mwanaidi: Hapo sawa. Ila siku ya kwanza ataigeuza.

Bibi Mwantumu: Sauti ya nani hiyo inayosimulia?

Salimu: Yangu, Bibi.

Bibi Mwantumu: Mbona una haraka. Njoo kesho baada ya alasiri, nikusimulie mimi.