Kilima cha makumi kinawachanganya watoto wangu, naomba ushauri

Assalaam alaykum walimu wenzangu. Nasomesha darasa la tatu hapa Pemba, watoto wa miaka minane. Tumo kwenye kukaribisha namba kwenye kumi la karibu. Kwenye mstari wa namba, kutoka 40 hadi 50, hawana tabu: wanahesabu hatua, 43 iko hatua tatu kutoka 40 na saba kutoka 50, basi jibu 40.

Tabu imeanza nilipochora kilima: 40 chini kushoto, 45 kileleni, 50 chini kulia, gololi inabiringika. Mimi nimezoea kusema 43 "inashuka" na 47 "inapanda". Lakini kwenye picha 47 nayo inateremka! Wengine sasa wanaandika 43 inakuwa 30, eti imeshuka kumi zima. Nimejaribu kusema "inarudi 40" na "inasonga 50", kidogo afadhali.

Na 45? Mtoto mmoja kaniambia, "Mwalimu, gololi itakaa hapo hapo juu." Sikuwa na jibu zaidi ya "tumekubaliana iende 50".

Nauliza: hiyo 45 mnawaelezaje? Na kilima nikiache, nibaki na mstari tu?