Picha za marehemu bibi kwenye grupu, nikibofya kupakua inagoma

BintiMtambwe: Assalam alaykum. Bibi yetu katutoka mwezi uliopita, nami natafuta picha zake za harusi ya mdogo wangu, Wete, 2021. Dada alizituma kutoka Maskati kwenye grupu la ukoo, WhatsApp. Nilizima kujipakua kwa kuogopa bando, nikasema nitazifungua nikipata waifai. Sikuzifungua hadi leo. Ziko 12, zote ukungu, juu pana mshale na 184 kB. Bibi namtambua kwa rangi ya kanga tu. Nikibofya, kiduara kinazunguka, kisha naambiwa faili halipo tena, niombe nitumiwe upya.

KijanaChake: Ifute programu, uiweke upya, urudishe bakapu. Mimi ilinikubali.

FundiDarajani: Usifute, dadaangu! Bakapu hubeba kilichomo kwenye simu yako, na picha hizo hazijapata kuingia humo. Huo ukungu ni kijipicha kilichokuja ndani ya ujumbe, pamoja na ufunguo. Picha yenyewe ilibaki kwenye seva, imefungwa, ikingoja uifuate. Seva hazikai nazo miaka, baada ya muda hufuta. Ufunguo unao, sanduku limeshaondolewa. Kijana, wewe bila shaka ulikuwa umezipakua kabla.

MzeeKonde: Na mimi picha zangu za karafuu zilipotea nilipobadilisha memori kadi. Mjukuu akanifufulia kwa programu. Ajaribu hiyo.

FundiDarajani: Mzee wangu, zako ziliwahi kuandikwa kwenye kadi, ndiyo maana palikuwa na cha kufufua. Zake hazijaandikwa popote kwenye simu yake. Hata ujumbe wa kosa huwa tofauti: wako ulisema faili halimo kwenye hifadhi ya simu.

Binti, nakala zitafute kwa watu. Dada, kama anatumia Androidi na simu ni ile ile, afungue programu ya mafaili aende hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images/Sent
```

Majina huanza na IMG- kisha tarehe, kwa hiyo atafute IMG-2021. Kisha uliza grupuni nani anaziona safi, bila mshale. Huyo akikutumia, zinapanda seva upya na wewe unazipata. Ukipata tu, zipakue hapo hapo.

BintiMtambwe: Dada simu ile aliiuza, na galari hakuihifadhi kokote. Lakini shemeji wa Mtambwe huacha kila kitu kijipakue (tulikuwa tukimcheka kwa simu kujaa), kanitumia 9. Tatu alishazifuta kupata nafasi, na mojawapo ndiyo ile bibi kakaa ukumbini na bwana harusi.

KijanaChake: Skrinshoti ya ule ukungu ukaikuze?

FundiDarajani: Utapata ukungu mkubwa.

BintiMtambwe: Amebaki binamu wa Mombasa. Grupuni yumo tangu mwanzo. Nampigia tangu asubuhi, hapokei.