Re: Re: [Kisumu-Nakuru-Magharibi] namba sita zinakataliwa na ofisi haijibu

Akinyi, Leeds

Habarini za huko mliko. Nafuatilia pasi ya mtoto kwa portali ya ofisi moja ya nyumbani, paswadi inakubali vizuri, ikifika pale pa namba sita za ile apu ya simu inayotoa namba mpya za kuingilia kila mara, inaniambia si sahihi. Naziandika zikiwa bado mbichi kabisa. Zilikuwa zinakubali hadi Disemba nilipobadilisha simu, na akaunti zote nilizihamisha kutoka ile ya zamani zikaingia. Nimeshajaza fomu yao ya kuomba wafute apu waniwekee upya, kimya. Swali langu ni moja: kuna mtu hapa waliyemwekea upya kwa imeili tu, ama lazima nisafiri London mwenyewe na pasi mkononi?

Mama Chebet, Minnesota (Nakuru, Lanet)

Pole dadangu. Mimi OTP, zile namba za kuingilia za esemesi, zilikuwa haziingii kabisa, laini yangu ya nyumbani ilikuwa imezimwa sababu sikuweka kredo muda mrefu, ikabidi dada yangu Nakuru aende na barua. Weka kredo kwa laini na uwashe romingi, zitaingia.

Wekesa, Dortmund (Kimilili)

Mama Chebet hiyo yako ni esemesi, yake ni ya apu, ni vitu viwili tofauti. Hizi namba hazitumwi na mtu yeyote, ndiyo maana ukiweka simu kwa hali ya ndege katikati ya ziwa zinaendelea tu kubadilika. Siku ile unaskani ile picha ya miraba, simu inapewa siri ndefu ambayo seva pia imeiweka. Kuanzia hapo kila mmoja anahesabu peke yake kwa kutumia siri na saa, wala hawaongei tena. Vikilingana unaingia.

Akinyi, mambo mawili tu yanaweza kuharibika hapo, siri ama saa. Simu mpya uliiweka saa vipi?

Onyango, Coventry

Ni zoni ya saa hiyo. Simu iko Kenya yeye yuko Leeds. Weka London itakubali. Sisi na nyumbani tunaachana masaa mawili.

Wekesa

Kaka, masaa mawili ni wakati wa kiangazi, sahii Januari ni matatu. Na zoni yenyewe haina neno. Apu haisomi saa unayoiona kwa kioo, inasoma sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, na hiyo hesabu ni moja Leeds, Kisumu na hata Sydney. Ukiacha simu ijiwekee saa yenyewe halafu uchague zoni ya Nairobi, namba zitakuwa sawa kabisa.

Akinyi

Kaka Wekesa, saa niliiweka kwa mkono. Nataka nikiangalia simu nione saa ya kwa mama, nisimpigie amelala. Zoni iko London, mimi nikasogeza tu saa mbele.

Wekesa

Hapo sasa. Simu ikiamini iko London na inaona saa tano asubuhi, inaenda kuhesabu UTC kuwa ni saa tano, wakati ukweli ni saa mbili. Chukua 15 Januari 2026 saa mbili asubuhi kwa UTC. Sekunde ni 1768464000, gawa kwa 30, maana namba inabadilika kila hatua ya sekunde 30, unapata 58948800, na hiyo ndiyo namba seva inaingiza kwa hesabu pamoja na siri. Simu yako iko sekunde 10800 mbele kwa hivyo inaingiza 58949160. Ni hatua 360 mbele ya seva, yaani umekuwa unawapa namba za masaa matatu yajayo.

Hesabu yenyewe mtu yeyote akiwa na Linux na programu ya oathtool anaweza kuiona, huu ni mfano wa RFC 6238, kanuni ya namba hizi ya 2011, ambayo apu nyingi zinaifuata:

```
oathtool --totp --now "1970-01-01 00:00:59 UTC" 3132333435363738393031323334353637383930
```

Inatoa 287082. Sekunde 59 ukigawa kwa 30 na kutupa baki ni 1. Hiyo 1 na siri, ile ndefu mwishoni mwa amri, zinapitishwa kwa hesabu ya kuchanganya inayoitwa HMAC-SHA-1, zinatoka baiti 20, ya mwisho ni `ab`. Hiyo `b`, kwa hesabu ya msingi wa 16, ni 11, inakuambia ukachukue baiti nne kuanzia nafasi ya 11 ukihesabu kutoka sifuri, ambazo ni `c1397eea`. Unazima biti ya kwanza inabaki `41397eea`, kwa hesabu ya kawaida ni 1094287082. Tarakimu sita za mwisho ndizo unaziandika. Badilisha 1 iwe 2 na unapata 359152, haina uhusiano wowote unaoonekana na ya kwanza. Ndiyo maana kwa namba yenyewe kukosea hatua moja ni sawa na kukosea elfu.

Onyango

Sasa si ofisi ikubali tu masaa matatu huku na huku, wanajua watu wao wako kila mahali duniani. Wanatutesa bure.

Wekesa

Hapana, hapo siwalaumu. Seva nyingi zinakubali hatua ya sasa na moja kila upande, kwa hivyo mwizi anayebahatisha ana namba tatu kati ya milioni moja. Ukifungua masaa matatu kila upande ni namba 721 zinazokubalika kwa wakati mmoja. Na aliyekuchungulia namba ndani ya matatu atakuwa na masaa ya kuitumia badala ya sekunde. Saa ikipotea kidogo kama sekunde arobaini utaona inakubali mara inakataa mara. Ikikataa kila wakati, saa imeenda mbali ama siri si ile.

Akinyi washa `Set time automatically`, kama unataka saa ya mama chagua zoni ya Nairobi. Halafu jaribu akaunti nyingine iliyo kwa apu hiyohiyo.

Akinyi

Nimefanya. Ya kazini ilikuwa inakataa pia nikidhani ni wao, sahii imeingia mara moja, asante sana kaka. Portali bado inakataa.

Wekesa

Basi saa imepona, simu ni moja na saa ni moja, kwa hivyo ya portali iliyobaki ni siri. Ile fomu uliyojaza, pengine waliishughulikia bila kukuambia. Wakifuta, seva inatengeneza siri mpya na ile ya simu yako inabaki ikihesabu namba nzuri za kufuli ambayo haiko tena. Apu haiwezi kujua, haitakuonyesha kosa lolote. Angalia imeili mpaka kwa spamu kama kuna picha mpya ya kuskani. Na usiifute ile ya zamani kabla mpya haijakubali.

Akinyi

Hakuna kitu kwa spamu. Kwa hivyo wanafanya kwa imeili ama niende?

Mama Chebet

Wangu walitaka barua, lakini hiyo ilikuwa ya laini. Piga asubuhi yao.

Onyango

Hapa nje tunapigia kura rais peke yake, mbunge hatumchagui, ndiyo maana hakuna wa kutusemea kwa hizi ofisi. 2027 tulete hiyo mezani. Ni nani anasafiri Kisumu Pasaka? Nina mzigo mdogo wa mzee, dawa na viatu tu.

Mama Chebet

Onyango anzisha mada yako. Lakini kama kuna mtu anarudi kupitia Nakuru aniambie pia.