Tupeane uzoefu: ping inaenda lakini hairudi, VPN imeunganika ila ofisi kimya

Kebo Ndefu
Wakuu, kuna jamaa kanipigia simu analalamika VPN imeunganika ila haoni kitu ofisini, nikakumbuka mbali sana. Mazingira mnayajua: ofisi ni 192.168.1.0/24, ruta ni .1, seva ya VPN ni kiboksi cha pembeni chenye .10, na walio nje wanapewa 10.8.0.x. Ukiping .10 inajibu vizuri. Ukiping mashine nyingine yoyote, kimya. Nani alishakeshea hili?

Mama Pakiti
Mimi, na sitasahau. Bosi yuko safarini, ana kikao asubuhi, nyaraka zake zote ziko kwenye seva ya faili, .50. VPN imeshika, .10 inajibu, .50 haijibu. Jioni yote ilipotea kwenye mipangilio ya VPN: funguo mpya, sanidi upya, washa upya. Simu inaita kila baada ya dakika chache, "vipi, tayari?"

Mwishowe nikasikiliza waya kwenye seva ya VPN, upande wa ofisi:

```
tcpdump -ni eth0 icmp
IP 10.8.0.2 > 192.168.1.50: ICMP echo request, id 7, seq 1, length 64
IP 10.8.0.2 > 192.168.1.50: ICMP echo request, id 7, seq 2, length 64
```

Maombi yanatoka, jibu hata moja hakuna. Mtu yeyote hapo angesema .50 imekufa. Nikaenda kwenye .50 yenyewe nikaendesha `tcpdump -eni eth0 icmp`, ile `-e` inaonyesha na anwani za MAC. Ombi linafika. Na jibu linatoka! Ila MAC linakopelekwa si ya .10, ni ya ruta.

Basi kila kitu kikaeleweka. .50 haijui 10.8.0.0 iko wapi, na kisicho cha 192.168.1 inamkabidhi ruta. Ruta naye hajui, anakirusha kwa mtoa huduma wa intaneti, na huko anwani ya ndani kama hiyo haina pa kwenda. .10 ilikuwa inajibu kwa sababu njia ya VPN inaishia humo humo ndani yake. Nikaingia kwenye ruta nikaongeza njia: 10.8.0.0, 255.255.255.0, kupitia 192.168.1.10. Lile dirisha la ping nilikuwa nimeliacha wazi, likaanza kujibu lenyewe.

Juma wa Swichi
Kweli tupu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, tofauti ni bosi tu.

Mkali wa NAT
Mnajitesa bure. Mstari mmoja kwenye seva ya VPN, ukalale:

```
iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.8.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE
```

Mashine za ofisi zinaona ombi limetoka kwa .10, jirani yao, zinamjibu. Ruta hata huigusi.

Mama Pakiti
Sawa mkuu, na siku mtu wa ofisini akitaka kuingia kwenye laptopu ya aliye nje amsaidie? Hiyo NAT inafanya kazi mazungumzo yakianzia upande wa VPN tu. Ukikaa kwenye .50 ukaping 10.8.0.2, pakiti inaenda kwa ruta na kupotea vile vile. Ping bado ni ya upande mmoja. Halafu kwenye logi za seva ya faili kila mtu anaonekana .10. Folda ikifutwa utamuuliza nani?

Mkali wa NAT
Kwangu hakuna anayemtafuta aliye nje. Na folda ikifutwa narudisha nakala, sitafuti mchawi.

Juma wa Swichi
😂😂 Huyu ofisi yake ina watu wangapi?

Bi Fayawoli
Wote mmepotea. Ni fayawoli ya Windows. Mimi nilizima, ikajibu, mwisho wa habari.

Kebo Ndefu
Dada, nusu uko sahihi. Windows ikikubali ping, kwa kawaida ni za majirani wa mtandao wake tu, za 10.8.0.x inazikataa hata njia ikiwa nzima. Ila utatofautisha kwa alichofanya Mama Pakiti: ombi likifika kwenye mashine na jibu halitoki, mara nyingi ni fayawoli. Jibu likitoka na kuelekea kwa ruta, ni njia. Hiyo .50 ni Linux, ungezima fayawoli gani? Na usizime yote, ruhusu 10.8.0.0/24 tu.

Bi Fayawoli
Ilijibu lakini. Ubishi wenu mtakaa nao.

Ustaadh wa Usiku
Ngojeni niwape ya kwetu. Ruta yetu ilikuwa haina pa kuweka njia. Akaletwa fundi wa nje, akasema kwa kujiamini, "nitazigawa kwa DHCP, chaguo la 121". Wazo si baya, mashine zinapokea njia pamoja na anwani. Akaandika 10.8.0.0/24 kupitia .10, akajaribu kwenye mashine ambazo njia aliziwekea kwa mkono, ping ikarudi, akalipwa, akaondoka.

Baada ya muda mmoja anasema intaneti imekata. Kisha wa pili. Kisha idara nzima. Printa zinachapa, seva ya faili inafunguka, intaneti hakuna! Tukamlaumu mtoa huduma, tukabadilisha kebo, tukawasha upya ruta. Anwani zetu zilikuwa za saa 8, na mashine huomba upya muda ukifika nusu, kwa hiyo zilikuwa zinaanguka moja moja kila moja kwa zamu yake. Kichekesho ni kwamba walio nyumbani kupitia VPN walikuwa wanaiona ofisi yote, wa ofisini hawaioni dunia.

Iko hivi: mashine ikipokea 121, inapuuza lango la kawaida la chaguo la 3. RFC 3442 ndivyo inavyoagiza. Ukitumia 121 lazima uandike ndani yake na 0.0.0.0/0 kupitia ruta. Fundi simu haipokei mpaka leo.

Juma wa Swichi
Mkuu nimecheka mpaka machozi. "Kila moja kwa zamu yake."

Mkali wa NAT
Mngeweka mstari wangu haya yote yasingetokea. Nasema tu.

Laptopu Chakavu
Mimi pia ping haifiki. Nyumbani kwangu ni 192.168.1.x na ofisini 192.168.1.x. Niweke hiyo njia kwenye ruta ya ofisi?

Kebo Ndefu
Hapana, lako ni jingine kabisa. Pakiti zako hata hazitoki nyumbani, laptopu inadhani .50 iko sebuleni. Badilisha namba za mtandao wa nyumbani kwanza.

Kinoo
Nimeweka njia kwenye ruta kama Mama Pakiti. Ping inarudi, ila faili halifunguki, linazunguka tu. Kwa nini?

Mama Pakiti
Ombi linatoka .10 moja kwa moja hadi .50, jibu linapitia ruta. Fayawoli ya ruta yako imeona nusu ya mazungumzo, inatupa. Jaribu njia kwenye .50 yenyewe:

```
ip route add 10.8.0.0/24 via 192.168.1.10
```

Likifunguka, umempata mkosaji. Ila hiyo inapotea ukiwasha upya.

Ustaadh wa Usiku
Au hamishia VPN kwenye ruta yenyewe.

Mkali wa NAT
Au mstari wangu.

Kinoo
Limefunguka. Bado kinasa picha cha kamera. Nimekikagua, sehemu ya lango ni 0.0.0.0, na nenosiri la kubadilisha analo aliyekifunga.

Juma wa Swichi
Aliyekifunga asije kuwa fundi wa Ustaadh 😂

Mkali wa NAT
Kisicho na lango hakitajibu nje ya mtandao wake hata uweke njia kwenye ruta kumi. Mama Pakiti, hapa unasemaje?

Mama Pakiti
MASQUERADE, kwa hicho kimoja tu. Ongeza `-d` na anwani yake. Usianze.