Naomba ushauri: nililipa dola 200 za juu kwenye kredi, mbona riba haijashuka?

Wandugu, niko hapa Bukavu, nauzaka vitenge. Nilikamata kredi ya dola 1,200, riba 3% kwa mwezi juu ya deni lenye kubakia, miezi 12, kila mwezi nalipa 120.55. Nikiangalia tablo, mwezi wa kwanza 36 ilienda kwenye riba na 84.55 tu njo ilipunguza kapitali, kisha polepole riba inashuka, kapitali inapanda.

Sasa mwezi wa 3, kiisha kulipa ya kawaida, nilibakia na deni ya 938.66. Nikaongeza 200 siku ileile, kwangu mimi deni ilipashwa kuwa 738.66 na riba ya mwezi wa 4 iwe 22.16. Lakini karatasi yao bado inaonyesha 28.16, ajenti ananiambia ile 200 wameiweka kama avansi ya miezi yenye kuja. Njo kusema haikugusa kapitali hata kidogo!

Nilipiga hesabu: ikiingia kwenye kapitali na niendelee kulipa 120.55, namaliza mwezi wa 10 na naokoa riba karibu dola 56. Wakibakisha miezi 12 na kunipunguzia malipo, itakuwa kama 94.87 kwa mwezi, lakini naokoa 31 tu.

Wenye walishapitia hii, niandike barua ya kuomba tablo mpya? Kontra yangu haisemi chochote juu ya penalite ya kulipa mbele. Na biashara ikiwa inapanda inashuka, mungechagua miezi michache ao malipo madogo?