Rafti Sagana, ziplaini Kereita ama paraglaidi Kerio? Tuko 14 na wengine ni waoga

Njeri_wa_Umoja: Habari zenu wakuu. Nimepewa kazi ya kupangia watu wa ofisi siku ya kutoka, tuko 14. Nimebakisha tatu, rafti ya Sagana, ziplaini ya Kereita ama twende mbali kabisa Iten tukaruke na paraglaidi juu ya bonde la Kerio. Wengine wako fiti, wengine hata ngazi za ofisi zinawapa shida. Nataka kitu ambacho wote watafanya pamoja. Mngechagua gani? Nalipa diposti Ijumaa.

Otis_Kayole: Sagana bila maswali. Ziplaini unaning'inia dakika moja imeisha, rafti unatoka na stori ya mwaka mzima.

MzeeWaMto: Dada Njeri, kabla ujibiwe tuambie wangapi hawajui kuogelea, kuna mwenye goti ama mgongo mbovu, kuna mwenye pumu ama mjamzito, mnaenda mwezi gani, na aliye mzito kabisa ana kilo ngapi. Nimeshika kasia Sagana miaka tisa, bila hayo nitakuwa nabahatisha.

Njeri_wa_Umoja: Pole mzee, sikufikiria. Wasiojua kuogelea ni kama 6. Mmoja alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana. Mmoja ana pumu. Kilo sijauliza, hilo ni gumu kuuliza mtu. Ni mwisho wa Novemba.

Baraka254: Novemba ni sawa kabisa kwa rafti, mvua ikinyesha maji yanapanda yanafunika mawe, kwa hivyo ukianguka hauumii. Wakati wa kiangazi ndio unagongwa na mawe.

MzeeWaMto: Baraka kwa mawe hujakosea, maji yakiwa chini boti hukwama na ukianguka unagonga nyonga. Lakini maji yakipanda mto unaenda kasi na zile sehemu tulivu za kando, ambazo tunatumia kusimamisha boti na kuokota walioanguka, zinapungua. Mtu anaelea mbali sana kabla afikiwe. Na huu mto wa rafti ni Tana, unaletewa maji na Mlima Kenya na Aberdare, kwa hivyo Nairobi inaweza kuwa kavu na mto umepanda usiku kucha. Ukifika asubuhi angalia maji, yakiwa ya kahawia mazito yamebeba vijiti na majani na nyasi za ukingoni zimelala ndani ya maji, hiyo siku waogopaji hawafai kuingia sehemu za chini, hata kama basi limeshalipiwa.

Wambo_Kasarani: Naomba niwaambie yaliyotupata, sitasema kampuni. Tulienda na ofisi, watu kama 20, na bosi akasema hakuna kubaki nje, sisi ni timu. Dada mmoja wa akaunti alikuwa amesema tangu Nairobi hajui kuogelea na anaogopa maji, akavalishwa laifjaketi iliyolegea kwa sababu alisema ikikazwa hapumui, na hakuna aliyeikagua. Wimbi la tatu likamtoa. Jaketi ikapanda ikamfunika masikio, uso ukawa unazama na kutoka, na alipohisi chini ya miguu kuna mawe akafanya kile mtu yeyote angefanya, akajaribu kusimama. Maji hayakuwa yamefika hata kiunoni. Mguu ukaingia katikati ya mawe mawili na mto ukamsukuma kutoka nyuma, akapinda akaingia uso mbele, tukawa tunaona mgongo tu. Mwongozaji wa kayaki alimfikia haraka akamwinua kichwa hadi wenzake wakarusha kamba na kumvuta kurudi nyuma, mguu ukatoka. Alivunjika kifundo. Hadi leo nikikumbuka ule mgongo nasikia baridi. Njeri, usimlazimishe mtu, tafadhali.

MzeeWaMto: Pole sana Wambo. Hiyo ndiyo ajali tunayoiogopa kuliko boti kupinduka. Watu wanadhani hatari ni kina, kumbe maji ya kiunoni yenye mwendo ndiyo yanakamata miguu, na mguu ukishakamatwa jaketi haiwezi kukuinua kwa sababu mto unakulaza kifudifudi. Ukianguka lala chali, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, miguu itangulie mbele uitumie kusukuma mawe, na usisimame hadi makalio yaguse chini. Jaketi mwambie mwenzako avute mabegani kwenda juu kwa nguvu, ikifika masikioni kazeni tena mkianzia mkanda wa chini. Na mkono wa juu usiache kichwa cha kasia, kikiruka kinang'oa meno ya jirani yako.

Otis_Kayole: Sasa mmemtisha dada wa watu. Mimi nimeenda mara nne hakuna kitu.

Wambo_Kasarani: Otis wewe unajua kuogelea?

Otis_Kayole: Ndio, nimekulia Kisumu.

Wambo_Kasarani: Basi hao 6 hawajakulia Kisumu.

Mama_Tasha: Mimi nina watoto wa miaka 6 na 9, hiyo ziplaini ya Kereita wanakubali? Yule mdogo ana kilo 19.

Kip_Eldy: Mama Tasha piga simu uwape kilo zake kwanza. Mtu mwepesi sana upepo ukimpiga usoni anasimama katikati ya waya, mwongozaji inabidi amfuate amvute, hana shida lakini mtoto analia. Mara nyingi wanamfunga pamoja na mtu mzima. Njeri, kwa sababu hiyo hiyo kilo lazima uulize, mzito naye anafika kasi. Mwambie kila mtu akutumie meseji ya pembeni, sio kwa grupu. Kuhusu Kerio, mimi ni wa huku na napenda sana paraglaidi lakini kwa siku moja na watu 14 haiwezekani. Kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, mnaruka mmoja mmoja na rubani, na upepo ukikataa mnakaa tu ukingoni mkiangalia bonde. Msimu mzuri ni Januari hadi Machi. Na yule wa goti itabidi akimbie hatua kadhaa kwa mteremko akiwa amefungwa na rubani. Waoga wengi hukaa chini mapema kabla bawa halijawainua, hapo wanaburutwa na goti linaenda tena.

Baraka254: Si waende Jinja basi, Nile ina maji makubwa kuliko Sagana.

Kip_Eldy: Baraka, amesema wengine wanashindwa na ngazi.

MzeeWaMto: Njeri, mimi ningefanya hivi. Sagana, lakini muulize kampuni kama wanaweza kutoa boti mbili, moja iishie sehemu ya juu penye utulivu na gredi 2 hadi 3, nyingine iteremke hadi mikondo ya gredi 4. Wa juu wanatoka mtoni wanaungana na wenzao kwa chakula. Mwenye pumu dawa yake ikae kwa begi lisiloingia maji, na mwongozaji ajue iko wapi, maana maji baridi yakikupiga kifua pumzi inakatika. Wa goti nisingemweka botini, kule tunakaa ukingoni tumekunja miguu na kuibana ndani.

Njeri_wa_Umoja: Lakini mzee nilitaka wote wafanye kitu kimoja, bosi amesisitiza.

Kip_Eldy: Basi Kereita, hata wa goti atakaa tu kwa hanesi, ila uliza kuna kutembea kiasi gani kati ya waya na waya. Na mbebe sweta, msitu ule una baridi na ukungu.

Otis_Kayole: Ziplaini tena, jamani. Na nyama choma ya Sagana je?

Mama_Tasha: Samaki wa Sagana ndio tamu, wachana na nyama.

Njeri_wa_Umoja: Nimetuma meseji ya pembeni kama Kip alivyosema. Wanne wamejibu, wawili wamekiri hawataki maji kabisa na mmoja wao ndiye aliyekuwa anapigia Sagana kelele kwa grupu. Naenda kuongea na bosi kesho. Diposti nimeomba wasogeze hadi Jumatatu.

Wambo_Kasarani: Mwonyeshe bosi nilichoandika hapa.